Usiku wangu wa kwanza Nyalenda

Jumamosi kuamkia Jumapili, saa 9 usiku (sijui kusoma saa, nimemskia tu Waya akilalamika kitandani ati ni saa 9 na hakuna mtu amelala kwa hii nyumba)

Ni ukweli hakuna mtu amelala na ni mimi. Nimelia tangu wazime taa, nikapumzika kidogo nimeze mate, nikaendelea. Hata sauti yangu ilinishtua, sikuwa naijua vizuri, kwetu hakuna mtu hulia peke yake, ukianza mnalia wote 6 na haujui ni nani amewasumbua watu.

Wacha nianze na asubuhi. Asubuhi nilikuwa bado Luanda, nyuma ya jiko la Kukhu, mahali tulizaliwa wiki 8 zilizopita. Watoto wa pale wanamuita nyanya yao Kukhu na hapo hapo boma imejaa kuku, sasa wakiita nilikuwa nainua sikio moja tu, sijui kama ni uji umeiva ama ni jogoo ameitwa, na huyo jogoo alishanidonoa pua mara mbili. Basi akaingia mwanaume mrefu, viatu vyeusi vya ngozi vimepigwa rangi mpaka vinang'aa. Akapita zizini bila kuangalia chini, akakanyaga mavi ya ng'ombe ya asubuhi, bado moto, alafu akaenda kufuta soli kwa zile nyasi Mama hulalia. Hiyo mambo ya viatu usiisahau, nitairudia.

Akatuinua mmoja mmoja akitushika tumbo. Leo jioni nimemskia akiwaambia watu ati alinichagua juu nilimkimbilia wa kwanza, nina roho ya ulinzi. Nilikuwa nafuata kiatu jamani. Kukhu alikataa pesa, akachukua sukari kilo 2 na majani chai, alafu akapasua kipande cha leso yake ya zamani, ile Mama amelalia tangu atuzae, akaniwekea kwa katoni. Akamwambia, "Mwanangu, hii usifue. Ndiyo itamlaza." Akajibu sawa Mama. Nilimskia na haya masikio yangu.

Mama mwenyewe alikuja akanusa katoni, akanilamba jicho, akarudi kulala. Sijui kama alijua. Mimi sikujua, nilidhani tunaenda mahali tunarudi.

Safari sitasema mengi. Katoni ilikuwa ya biskuti, harufu ya biskuti ipo na biskuti hakuna, nani alifikiria hiyo. Konda akataka 50 ya mzigo, Baba akasema huyu si mzigo ni mbwa, konda akasema basi kama ni abiria alipe nauli kamili, Baba akatoa 50. Kufika Maseno kuna mtoto nyuma akapiga kelele ati tunavuka ikweta, na hapo hapo kwa ikweta ndio nilitapika. Kwa hivyo nimezaliwa kaskazini ya dunia, leo nalala kusini, na maziwa ya Mama nimeyaacha kwa laini ya katikati. Kutoka hapo gari ikaanza kuteremka, masikio yakaziba, na hewa ikawa moto moto vile tulikuwa tunakaribia ziwa. Nikalala. Nilipoamka kila kitu kilikuwa kinanuka samaki, nikaona pengine si kubaya.

Nyumba iko Nyalenda, upande wa kuelekea Dunga, vyumba viwili na sebule, mabati juu. Wenyewe ni Baba, Mama Achieng', Achieng' wa gredi ya 5, Oti mdogo wake ambaye anabeba mbwa kama chupa, kichwa chini, na Waya, dada yake Baba. Waya anakausha omena huko ufuoni na kuuza. Huyo mikono yake nimelamba mpaka akacheka. Kuna pia paka, sitamwandika sana, alikaa juu ya kabati akaniangalia kama deni.

Jina bado. Achieng' anataka Popi, Oti anataka Simba, Baba amesema mbwa wa kulinda hawezi itwa Popi, wezi watacheka. Waya yeye ananiita tu guok, ambayo ni mbwa, na mimi naona ndiye peke yake ametaja kitu cha ukweli. Zote niliitika juu kila mtu alikuwa ameshika kitu cha kula.

Kwa kula nako kulikuwa na makosa. Oti alinipea bakuli nzima ya maziwa ya ng'ombe kabla Waya arudi, na mimi sijui kukataa, nilikunywa mpaka tumbo ikakaza kama mpira. Waya kuingia akauliza nani amempea maziwa, huyu ataharisha, mpeeni ugali laini na supu ya omena, kidogo kidogo, na maji safi. Alikuwa amechelewa. Kapeti ya sebule ni ya manyoya, ya rangi ya maziwa, na nasema tu kwamba rangi hiyo sasa iko na nyingine. Baba akasema Jumatatu daktari wa mifugo atakuja, dawa ya minyoo na sindano, na mpaka sindano ziishe nisitoke nje ya geti nisije nikabeba ugonjwa wa mbwa wa mtaa. Sindano sijui ni nini lakini paka alifurahi.

Sasa sikia yenye iliniuma. Wakati wanapangusa kapeti, Mama Achieng' akatoa ile leso kwa katoni na vidole viwili, akasema hii kitu inanuka nyumba nzima, akaitupa kwa beseni na soksi za watoto. Sabuni ya unga, maji moto, akasugua, akasuuza mara mbili, akaanika. Baba alikuwa hapo anaangalia taarifa. Hakusema kitu! Kukhu alimwambia na akasahau kabla ya Maseno. Mama Achieng' simlaumu, hakuna mtu alimwambia, na alikuwa anatabasamu akifanya, ati ananifanyia mazuri. Jioni akanirudishia ikiwa imekauka na nikaingiza pua yote ndani nikitafuta. Maua. Maua tu, mpaka kwa pindo, na kule kwa fundo moja kama kuna kitu kidogo, nikavuta pumzi tena na hiyo nayo ikaisha. Nadhani niliimaliza mimi mwenyewe kwa kunusa.

Usiku wakaniweka jikoni na katoni yangu, gazeti chini, mlango nusu. Baba alikuwa anataka nilale nje kwa veranda kama mbwa wa watu, Achieng' akalia, wakakubaliana jikoni kwa wiki moja, najua hiyo wiki.

Kulala sijui kwako inaendaje, kwetu ni rundo. Wewe unaingiza kichwa chini ya tumbo ya mtu, mwingine analala kwa mgongo wako, mguu wa mwingine uko kwa sikio yako na unapiga teke akiota. Mimi ni wa katikati siku zote. Nikazunguka katoni mara tatu nikitafuta katikati, haikuwa. Ukuta huku, ukuta huku. Nikaegemea ukuta wa katoni ukapinda, hauna moyo ndani, haupumui. Hapo ndio nilianza kulia.

Alafu saa 5 hivi mvua ikakuja. Nasema mvua, lakini kwetu Luanda mvua hupiga nyasi, hapa inapiga mabati, na ngurumo inatoka upande wa ziwa ikivingirika kama mtu anasukuma pipa tupu juu ya nyumba. Stima ikapotea. Mbwa wote wa mtaa wakaanza, wakubwa, sauti nzito, wanaulizana mambo na mimi sijui lugha ya hapa bado. Nikajibu hivyo hivyo. Nikakojoa pia, si kwa gazeti, karibu na gazeti.

Mama Achieng' akakuja na tochi ya simu, nywele imefungwa, hakuongea. Akajaza chupa maji ya thamosi, akaivalisha soksi ya Oti, akaipima kwa shavu lake kama haichomi, akaniwekea kwa mgongo. Akapangusa mkojo. Akachuchumaa hapo kidogo, mkono wake ukiwa juu yangu, akanong'ona, "Nyamaza sasa, kesho kuna kanisa." Na ile chupa ilikuwa karibu kama mtu. Nililala kabisa. Lakini ikapoa, na ukiamka unakuta umelaliwa na kitu baridi ni mbaya kuliko ukilala bila.

Ndio hii saa 9 sasa. Nimelia, Waya amekohoa na kusema vile amesema, hakuna mtu amekuja, na nikanyamaza si kwa utii, nilinyamaza juu pua ilishika kitu. Kidogo sana. Inatoka chini ya mlango wa sebule.

Nikaruka katoni, ikaanguka na mimi ndani, nikatoka nikitambaa. Mguu wa meza, si hiyo. Kapeti, hapana, hiyo ni mimi. Ndala za Waya, omena, karibu nisimame hapo, nikaendelea. Pembeni ya mlango viatu vimepangwa, na pale mwisho, vile vyeusi. Cha kulia kimepanguswa. Cha kushoto Baba hakumaliza, hapo kwa soli karibu na kisigino kuna mstari wa mavi ya zizi umekaukia, na juu ya mavi unyasi mmoja umeng'ang'ania.

Niliweka pua hapo nikakaa.

Ng'ombe wa Kukhu. Moshi wa jiko. Jogoo yule mjinga. Na kwa ule unyasi, Mama, kifua chake, pale tulikuwa tunanyonya.

Kiatu ni kizito kuliko mimi nadhani. Nilikivuta kwa kamba, kinakwama kwa kapeti, navuta, nalala kidogo, navuta, paka akiniangalia toka kabati na hakusaidia. Kimefika jikoni. Kwa katoni hakiingii, kwa hivyo nimeacha katoni, nimelala sakafuni na kichwa ndani ya kiatu mpaka kwa masikio, na mgongo nimeuegemeza kwa chupa, hata kama ni baridi. Ukifunga macho ni kama wawili.

Asubuhi, haraka haraka kabla wanifikie

Ndege wameanza, chai inanuka. Baba yuko sebuleni amevaa suruali ya kanisa na kiatu kimoja. "Mama Achieng', cha kushoto umekiweka wapi?" Mama Achieng' anasema yeye havai viatu vya wanaume. Oti anatafuta chini ya kochi.

Waya amepita jikoni kuchukua kikombe. Ameniangalia, ameangalia kiatu, ameangalia kamba, ambayo sasa ni nusu kamba juu usiku ni mrefu na meno yanawasha. Akainama akachomoa ule unyasi kwa soli, akauweka kwa leso yangu ya maua, akafunga fundo.

"Baba Achieng'," ameita, "vaa zile za kahawia."