Kwa Atu, kitanda cha chini

Mabibo, Julai 2025

Atu mwenzangu,

Ukirudi kutoka Mlimani na karatasi yako ya kliaransi utakuta godoro langu limekunjwa na kabati liko wazi. Nimeshindwa kukungoja. Basi la Tanga linatoka Mbezi saa nane, na foleni ya Ubungo unaijua. Lakini hata lingetoka jioni, nadhani ningetafuta sababu ya kutangulia. Asubuhi tulipoagana pale mlangoni nilikuwa na maneno, yakanikaa kooni, nikaishia kukwambia uchukue mwavuli. Basi nimekaa kitandani kwako, nimechana karatasi katikati ya daftari la DS, naandika yale niliyoshindwa kuyasema.

Ya nyumba kwanza, nisije nikasahau. Ufunguo wangu nimeurudisha na nimesainiwa. Ndoo yenye mfuniko ni yako. Hita ondoka nayo, ila usiichomeke mpaka fundi aiangalie, waya umeanza kuachia karibu na plagi. Mama wa chapati nimemlipa zako na zangu, asikudai tena. Madesa yote nimewaachia wale mabinti wa mwaka wa kwanza wa chumba cha jirani, isipokuwa zile kurasa nne ulizoniandikia kwa mkono, za takwimu, usiku wa kuamkia UE. Hizo ziko kwenye begi langu. Bila hizo ningeshika sapu, na mwaka ule sapu ingenimaliza.

Sasa niseme.

Mwaka wa pili nilirudi chuo sina chumba. Baba alikuwa amepata kiharusi Oktoba, hela ya malazi ikaenda kwenye dawa, na nilipokuja kushtuka muda wa kuomba chumba umepita. Sikumwambia mtu. Nilikaa na begi langu nje ya jengo tangu adhuhuri, najifanya nasoma. Ulinipita, ukarudi, ukauliza, "Rehema, unamsubiri nani?" Nikasema namsubiri ndugu yangu. Hukunihoji. Ulinyanyua begi, ukapanda nalo ngazi, mimi nyuma yako.

Kubebana wamebebana wengi, Atu, hilo silo geni hapa. Lakini wengi hubebana wiki mbili, bumu likitoka mtu anajitafutia pa kwenda. Wewe ulinibeba mwaka mzima kwenye kitanda ambacho mtu mmoja akigeuka goti linagonga ukuta. Tukalala mzungu wa nne, kichwa chako dirishani, changu mlangoni. Nilipokutajia jina hilo ulikaa kitako ukaniuliza wale watatu wa kwanza wako wapi, tukacheka mpaka wenzetu wakatugombeza. Joto la Januari, jasho, mbu, na msuli wa mpaka saa nane usiku, na sikuwahi hata siku moja kukusikia ukisema umechoka nami. Nilikuwa nakusikiliza, nikwambie kweli. Kila ukishusha pumzi nilikuwa naamka nikidhani leo ndiyo utasema.

Na Mei ile, Baba alipofariki. Ulikuwa na jaribio siku ya tatu yake, ukalikosa, ukapanda basi na mimi. Mtu wa Tukuyu, umezoea mvua na migomba, unasimama kwenye pantoni ya Pangani umenishika mkono kwa nguvu, macho umefumba, na mimi nilijua unaogopa maji. Tulipofika Bweni walikuwa wameshazika. Sikuweza hata kuingia ndani. Wewe ulivua viatu, ukaketi mkekani na mama zangu, ukajifunga kanga kama ulivyowaona wamejifunga. Kesho yake nikakukuta uani juu ya mbuzi unakuna nazi, hujawahi kuishika kazi hiyo maishani, kidole kimechubuka, na bado unakuna. Mama mpaka leo akipiga simu, baada ya salamu ni "yule mtoto wa Mbeya hajambo?" Jina lako analijua vizuri. Anapenda tu kukuita hivyo.

Na huyo ndiye mtu niliyemwita mwizi.

Tumelipita jambo hili kama vile halikutokea, kwa sababu wewe ulinirahisishia nilipite. Leo silipiti. Machi, ndani ya Ramadhani, shilingi 40,000 zangu zikapotea, nikasema mbele ya wenzetu wawili kwamba mwenye ufunguo wa kabati langu ni mmoja tu. Hukujibu. Ulinitazama, ukachukua taulo ukaenda kuoga. Siku tisa hatukusemezana. Na siku zote tisa, saa kumi alfajiri, ulikuwa unagonga chuma cha kitanda changu mara tatu, ngo, ngo, ngo, kisha nasikia unarudi kulala. Nikishuka nakuta kikombe cha chai kimefunikwa na kisahani, na kipande cha muhogo. Wewe mtoto wa kwaya ya Moravian, hufungi, na hatusemezani, unakatisha usingizi wako ili mimi nipate daku.

Siku ya kumi nikazikuta hela kwenye mfuko wa baibui la kijivu. Nilizikunja mwenyewe nikazitia humo. Nikakwambia, "Nimeziona." Neno moja hilo tu. Ukasema, "Afadhali," ukaniuliza kama nimekula. Wale wenzetu wawili sikuwaambia chochote mpaka juzi, baada ya karatasi ya mwisho. Juzi nimewaita mmoja mmoja, nimewaambia nilikusingizia, na hela zilikuwa kwenye nguo yangu. Nilipaswa kufanya hivyo siku ile ile.

Nisamehe, Atu. Nilikukosea, na nilikukosea mbele za watu. Najua utasema yameisha. Kwangu yalikuwa hayajaisha.

Juu ya mto wako nimeweka kipande kimoja cha kanga, ile ya maua mekundu tuliyokuwa tunatundika kuwa pazia. Doti ilikuwa ya Mama. Kipande cha pili ninacho mimi. Usikipige pasi kwa moto mkali, rangi yake inashika.

Matokeo yakitoka, usinifungulie kwanza uniambie, ningoje tufungue pamoja kwa simu. Ya kwako sina wasiwasi nayo. Mahafali Mama anataka kuja, na amesema atalala unapolala wewe, kwa hiyo ukipata nafasi kwa shangazi yako Kimara mwambie mapema kuna wageni wawili. Na Desemba, kama nauli itapatikana, nakuja Tukuyu. Nataka kuiona hiyo baridi unayoisifu, na mbalaga nipike mimi, wewe ukae uniangalie nikikosea. Mwambie Mama yako ndaga fijo, kwa zile ndizi alizokuwa anatutumia kwenye mabasi kila muhula na akaandika majina yetu wote wawili kwenye kiroba.

Bodaboda amefika, anapiga honi. Chai ipo kwenye chupa, nimeipika sasa hivi, tangawizi nimezidisha kama unavyotaka. Kikombe nimekifunika na kisahani.

Wako,
Rehema