MUBA: Asali Mbichi ya Misitu ya Miombo, Sikonge

MBELE YA CHUPA

MUBA
Asali mbichi ya nyuki wakubwa
Kutoka misitu ya miombo, Sikonge, Tabora
Mavuno ya Juni 2025
Uzito halisi: gramu 500

NYUMA YA CHUPA

Ukitoka Tabora mjini kwa barabara ya Mbeya, ukaipita Sikonge, mashamba ya tumbaku huanza kupungua, miti inasogeleana, na mbung'o wanagonga vioo vya gari. Abiria hulalamika. Sisi tunawavumilia hao mbung'o, maana ndio waliowazuia ng'ombe wasiingie huku kwa miaka mingi, na msitu ukabaki msitu.

Humo ndimo tunakotundika mizinga. Nyuki hutafuta chakula hasa ndani ya kilomita 3 hivi kutoka kwenye mzinga. Shamba la tumbaku lililo karibu zaidi na mizinga yetu liko zaidi ya kilomita 8, kwa hiyo dawa zinazopulizwa huko si jirani wa asali hii.

Muba ni mti wa miombo unaochanua mvua zinapoelekea kukatika. Maua yake ni madogo, wala hutayaona ukipita kwa gari, lakini nyuki huyafuata kwa maelfu. Asali inayotokana na msimu huo ndiyo iliyomo humu: rangi ya kaharabu iliyokolea, nzito, na utamu wenye ukali kidogo unaobaki kooni. Mtundu nao huchanua kabla ya mvua za Novemba na kutupatia mavuno mengine. Hatuyachanganyi. Mwezi ulioandikwa mbele ya chupa ndio mwezi masega yalipokatwa.

Wazee wetu walitumia mizinga ya magome. Nyuki huipenda, na mzee mwenye ujuzi huimaliza kwa asubuhi moja tu. Tatizo ni kwamba mti uliochunwa gome kuzunguka shina lote hukauka, na mara nyingi mti wenyewe ni mtundu au muba, uleule unaowalisha nyuki. Siku hizi tunachonga magogo ya miti iliyokwisha kuanguka na kutumia mizinga ya masanduku. Yote huning'inizwa kwa waya ili nyegere asiifikie. (Nyegere hajakata tamaa.)

Kuvuna ni kazi ya jua likishazama. Tunatumia bomba la moshi, si mwenge wa nyasi, kwa sababu cheche moja ikidondoka mwezi wa Juni huweza kuondoka na msitu mzima. Tunakata masega ambayo nyuki wenyewe wameshayaziba kwa nta. Hiyo ndiyo alama yao kwamba asali imeiva. Sega lenye majana linabaki mzingani, na lililo wazi pia, maana asali yake bado ina maji mengi na itachacha. Asali hukamuliwa, ikachujwa kwa kitambaa safi na kuachwa itulie kabla ya kujazwa. Haichemshwi, wala haiongezwi kitu.

Unyevu wa toleo hili ulipimwa kabla ya kujazwa: asilimia 17.8. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinaruhusu hadi asilimia 20.

UBAVUNI

ONYO: USIMPE ASALI MTOTO ALIYE CHINI YA MWAKA MMOJA. Asali yoyote ile, hata iliyo safi kabisa, inaweza kubeba vijimbegu vya bakteria wa botulizimu. Tumbo la mtu mzima huvimudu. La mtoto mchanga bado. Kuichemsha jikoni hakuviui. Usimlambishe, usimtilie kwenye uji wala kwenye maji.

Viambato: asali asilia ya nyuki, asilimia 100.

Viini lishe, wastani kwa gramu 100: nishati kilokalori 304 (kilojuli 1,272), wanga gramu 82, karibu wote ukiwa sukari, protini gramu 0.3, mafuta gramu 0.

Mwenye kisukari aihesabu kama sukari nyingine yoyote na afuate maelekezo ya daktari wake. Aliyewahi kudhurika kwa chavua au mazao ya nyuki asiitumie. Asali hii ni chakula. Unaweza kuitia kwenye chai ya tangawizi na ukaifurahia, lakini chupa hii haidai kutibu ugonjwa wowote.

Hifadhi mahali pakavu, pasipo na jua, kifuniko kikiwa kimekazwa. Haihitaji friji. Chota kwa kijiko kikavu.

KIKARATASI CHA SHINGONI

Imeganda? Haijaharibika, na hakuna aliyeitia sukari. Asali ina sukari za aina kadhaa kwa asili yake, na mojawapo, glukosi, hujitenga ikawa chembechembe, hasa kukiwa na baridi. Anayeishi Mbeya au Arusha ataliona jambo hili mapema kuliko wa Dar es Salaam. Ukiitaka iwe majimaji tena, iweke chupa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu ambayo mkono wako unayastahimili, uiache humo, ubadilishe maji yakipoa. Usiiweke jikoni juu ya moto. Wengine huipenda hivyohivyo ilivyoganda, kwenye mkate au chapati, nasi tuko upande wao.

Umeijaribu kwa njiti ya kiberiti? Watu wengi hufanya hivyo, na hatuwalaumu: asali ya kuchakachua imejaa barabarani na mtu hataki kupunjwa. Lakini njiti huonyesha tu kama kuna maji mengi. Sharubati ya sukari iliyopikwa ikawa nzito inaweza kufaulu mtihani huo, na asali halisi yenye unyevu ikafeli. Sisimizi nao si mashahidi. Asali halisi wanaila vizuri tu. Kinachoaminika ni maabara, na muuzaji anayeweza kukuambia asali ilitoka wapi na lini. Ndiyo sababu ya namba ya toleo iliyo chini ya chupa: tutajie tukuambie ni kambi ipi na mizinga ya nani.

Unaona chupa ni ndogo kwa gramu 500? Asali ni nzito kuliko maji. Lita moja yake ina takriban kilo 1.4, hivyo nusu kilo hujaza kama mililita 350 tu. Ukilinganisha bei yetu na ya anayeuza kwa lita, fanya hesabu hiyo kwanza.

Chupa ni ya kioo. Ioshe utumie tena, au irudishe dukani kwetu upunguziwe shilingi 500 kwenye chupa inayofuata.

CHINI YA CHUPA

Imevunwa na kufungashwa na Kikundi cha Wafugaji Nyuki wa Muba, mkabala na soko, Sikonge mjini, Mkoa wa Tabora.
Namba ya toleo: SK-MB-06/25
Tarehe ya kufungashwa: 14 Julai 2025
Bora kutumika kabla ya: 14 Julai 2027
Imezalishwa Tanzania