Sikio la Bibi

Mwezi wa Disemba 2021, karafuu zikiwa bado zimetanda majamvini uani, simu aliyoituma kaka Hamadi kutoka Toronto ilifika nyumbani kwetu Limbani, Wete, ikiwa imevingirishwa ndani ya jozi mbili za soksi za sufu na kutiwa katika mkoba wa msafiri aliyekuja likizo. Bibi alizifurahia soksi kuliko simu. Soksi, alisema, zitamfaa miguu wakati wa kipupwe, lakini simu anayo tayari, kitochi chake cha vibonye ambacho chaji yake hukaa siku nne, na ambacho Hamadi humpigia kila Ijumaa baada ya sala tangu alipoondoka mwaka 2017.

“Hii ni ya kuonana, Bibi,” nilimweleza. “Wewe utamwona yeye, na yeye atakuona wewe.”

Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nikamletee maji ya kunywa, ingawa gilasi iliyojaa ilikuwa mbele yake. Nilijua kwa nini amenyamaza, na katika nyumba ile nilikuwa mtu pekee anayejua.

Bibi alikuwa haoni. Si kwamba alikuwa kipofu kabisa, maana mwanga wa mlango aliutambua, na mtu aliyesimama kati yake na taa alimwona kama kivuli, lakini sura za watu zilikuwa zimemtoka. Nilianza kushuku pale alipokuwa akiniita nimtungie uzi kwenye sindano mara tatu kwa siku, yeye ambaye kofia zake za viua zilikuwa zikiagizwa kutoka Chake Chake na Unguja, na ambaye viua vya kofia moja humchukua miezi. Baadaye aliacha kushona kabisa akasema kiuno kinamsumbua. Nilipomkuta siku moja anapapasa ukuta akielekea jikoni, alinishika mkono akanitaka niape kwamba sitamwambia mtu, na kwa miaka kumi na mitatu niliyokuwa nayo wakati ule niliona ni heshima kubwa kupewa siri ya mtu mzima.

Karafuu ndizo zilizomfichia. Wanawake wa jirani walikuwa wakija jioni kumsaidia kuchambua, wakikaa naye kwenye mkeka na kuzungumza, na hakuna hata mmoja aliyegundua, kwa sababu Bibi hutenganisha karafuu na makonyo yake kwa ncha za vidole huku uso ameuelekeza kwa anayezungumza. Hata ukavu wake hakuutazama kwa macho. Aliteka konzi moja jamvini, akaitikisa karibu na sikio, akaichukua karafuu moja na kuivunja kwa kidole gumba. Karafuu iliyokauka sawasawa hukatika kwa mlio, na ile yenye unyevu hupinda tu bila kusema kitu. Ikilia, hutoa hukumu: “Zimekauka, zianue.” Isipolia, hukaa juani siku nyingine. Nimewaona wanaume wenye macho yao mawili mazima wakija kumwomba awasikilizie karafuu zao kabla hawajazipeleka kuuza.

Basi tulipanga namna ya kumdanganya Hamadi. Mimi ningeshika simu na kukaa ubavuni mwake, na kila kitakachoonekana ningemnong’oneza au kumfinya mkono: kumfinya mara moja maana yake Hamadi anacheka, mara mbili maana yake anaonyesha kitu. Mpango ulikuwa wake. Nauandika leo nikiona haya kidogo, kwa sababu nilikuwa mshirika kamili na tena niliufurahia.

Jumapili ile alioga alasiri, akavaa kanga mpya, akajifukiza udi. Nilimwuliza kama anadhani harufu nayo itafika Toronto.

“Umeme wetu unatoka Tanga umelala chini ya bahari,” alinijibu. “Ulipoletwa mwaka 2010 nilisema hautafika, ukafika. Sibishani tena.”

Saa tatu usiku simu ililia. Nilibonyeza alama ya kijani, skrini ikapiga giza, kisha akatokea Hamadi, uso mzima, mpana kuliko nilivyoukumbuka, na mimi na Bibi tukiwa tumebanwa katika kidirisha kidogo pembeni kama picha ya kitambulisho.

“Shikamoo, Bibi.”

Bibi alishtuka, kwa maana alizoea sauti hiyo imsemee sikioni, si kutoka magotini pangu. Aligeuza uso kuifuata, akakosea kwa kiasi cha kiganja, nami nikaisogeza simu taratibu mpaka ikawa mbele yake.

“Marahaba, mume wangu. Hujambo? Umeshakula?”

“Nimekula, mke wangu. Mbona umependeza hivyo, unataka kuolewa tena?”

Nilimfinya mara moja, naye akacheka kwa wakati wake. Mambo yakaenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Bibi alimwambia amenenepa, maneno ambayo hayamkosei mtu yeyote aliyekaa ughaibuni miaka minne, na Hamadi akakiri kwamba ni kweli. Alimwuliza habari za kazi, akajibiwa kwamba yuko kwenye ghala la mizigo na leo ni siku yake ya mapumziko. Alimwuliza kama chumba chake kina dirisha, na hilo ndilo lililoniponza, kwa sababu Hamadi alisogea pembeni kutuonyesha.

Kwake ilikuwa saa saba mchana. Nyuma ya kioo palikuwa peupe pote, mti umevaa nyeupe, gari limefunikwa, na kitu kama sufi kikishuka polepole bila kuisha. Theluji nilikuwa nimeisoma vitabuni, lakini sikuwahi kuiona ikitembea. Nilisahau kunong’ona, nikasahau kufinya, nikasahau kwamba nimeshika mkono wa mtu. Sikumwona Hamadi alipoinama, akafungua kitu, akakivaa na kurudi mbele ya kamera.

“Bibi, waona nimevaa nini kichwani?”

Ningalikuwa na akili zangu ningalimwambia. Ilikuwa kofia ya viua aliyomshonea yeye mwenyewe, kazi yake ya mwisho kubwa, nyeupe kwa uzi wa rangi ya maziwa, ambayo aliimaliza usiku wa kuamkia safari na kumvisha kwa mikono yake bandarini Wete, watu wote wakitazama.

Bibi alisubiri mfinyo, haukuja. Akafanya kile ambacho mtu mwenye busara angefanya, akapima kwa yale anayoyajua kuhusu mji wa baridi.

“Naona, baba. Kofia ya sufu. Vizuri, ifunike na masikio, usije ukapata mafua.”

Hamadi alitulia, macho wazi, mdomo haujafungika. Nilidhani mtandao umekwama, nikataka kusema “halo, halo” kama tusemavyo sote, lakini nyuma yake theluji ilikuwa bado inaanguka.

“Ndiyo, Bibi,” alisema mwishowe. “Ya sufu.” Kisha akaniangalia mimi. “Riziki, tangu lini?”

Sikupata la kujibu. Bibi aliutoa mkono wake katika wangu, akauweka magotini.

“Tangu lini nini? Ukitaka kuuliza niulize mimi, usimtie mtoto katika mambo ya watu wazima.”

“Tangu lini huoni, Bibi?”

“Tangu msimu uliopita wa karafuu. Moja lilianza, la pili likalifuata. Umevaa nini hicho?”

“Kofia yako.”

“Kofia yangu ipi?”

“Ya viua. Uliyonivisha bandarini.”

Bibi hakulia, kama huenda msomaji anavyotarajia. Aliuliza kama imefuliwa kwa maji ya moto, maana maji ya moto hulegeza viua, na alipoambiwa kwamba haijafuliwa kabisa alisonya, akasema miaka minne kofia haijafuliwa ni uchafu. Hapo Hamadi ndiye aliyejifuta uso kwa kiganja, nami nikageuza macho yangu kwenye zile soksi.

Alimweleza, kwa sauti ya mtu anayejizuia asigombe, kwamba huo bila shaka ni mtoto wa jicho, kwamba mwenzake wa kazini alimpeleka baba yake, wakaondoa ukungu ule na kumtilia lenzi ya bandia, na kwamba mzee alirudi nyumbani siku ileile akitembea kwa miguu yake. Atatuma fedha za hospitali kabla mwezi haujaisha.

“Karafuu kwanza,” Bibi alisema.

“Bibi, karafuu ziko kila msimu.”

“Na mimi niko kila msimu. Zikishaanuliwa nitakwenda, Riziki atanishika mkono. Nimesema.” Kisha akanyoosha kiganja. “Nipe hiyo simu.”

Nilimpa nikidhani anataka kuikata. Aliipapasa kingo zake, akaipindua, akaiweka sikioni kama anavyoweka kitochi chake, akaegemea ukuta.

“Bibi, ukifanya hivyo hakuoni,” nilimwambia.

Alinipungia mkono ninyamaze.

Spika ilikuwa wazi, nikawa nasikia kila kitu. Hamadi hakumwambia aishushe. Huko Toronto alikuwa akitazama sikio limejaa skrini nzima, na najua lilivyoonekana kwa sababu aliipiga picha akanitumia usiku uleule: matundu matano ya zamani yaliyotobolewa utotoni, herini moja ya dhahabu chini, na unywele mweupe uliokosa kufungwa.

“Mwenzako Riziki amekodoa macho dirishani mwako hadi amenisahau,” Bibi alisema. “Kuna nini?”

“Theluji, Bibi. Inaanguka kama sufi inapopasuka mtini.”

“Ina sauti?”

“Haina.”

“Mvua gani hiyo isiyo na sauti?”

Hamadi alifikiri kidogo, kisha akasema, “Subiri, usikate.” Tulisikia kiti kikiburutwa, mlango, ngazi, pumzi zake, mlango mwingine mzito, halafu upepo uliovuma kwa nguvu hadi Bibi akaisogeza simu mbali, akairudisha tena.

“Hii ninayosimama juu yake ni ya jana, Bibi, imeganda. Sikiliza.”

Akatembea. Ilikuja sauti kavu, ya kukatikakatika, hatua moja baada ya nyingine, krachu, krachu, krachu. Bibi alifumba macho yake yasiyoona, akaikandamiza simu sikioni, na mkono wake wa pili ukaanza kusugua kidole gumba juu ya kidole cha shahada kama aliyeshika kitu kidogo kati yake. Alisikiliza hadi Hamadi akafika mwisho wa ua na kurudi.

“Bibi? Umesikia?”

“Nimesikia,” alisema. “Zimekauka hizo. Zianue.”