Volteji kutoka uga wa sumaku unaobadilika
Sumaku ikitulia ndani ya koili, hata iwe na nguvu kiasi gani, mshale wa voltimita hausogei. Isogeze, nao unacheza. Faraday alionyesha hili mwaka 1831, na ndilo la kushika kuliko yote: kinachozalisha volteji ni badiliko la flaksi, yaani kiasi cha uga wa sumaku unaopita ndani ya koili, si flaksi yenyewe.

E = −N ΔΦ/Δt

E ni volteji, N ni idadi ya mizunguko ya koili, ΔΦ ni badiliko la flaksi, na Δt ni muda wa badiliko hilo.

Koili ya mizunguko 500, flaksi ikipanda kwa 0.006 Wb ndani ya sekunde 0.1, hutoa volti 30. Alama ya kutoa ni kanuni ya Lenz: mkondo unaozalishwa hupinga badiliko lililouzaa.

Jenereta huzungusha koili ugani. Katika transfoma hakuna kinachozunguka. Mkondo geu wa koili ya kwanza ndio unaobadilisha flaksi. Ukiiunga koili hiyo ya kwanza kwenye betri, koili ya pili haitoi kitu, isipokuwa pale swichi inapowashwa au kuzimwa.