Andalio la Somo: Kutambua Asidi na Besi kwa Kiashiria cha Rosela

Kemia, Kidato cha 2 B. Jumanne, saa 3:20–4:00 asubuhi (dakika 40). Wanafunzi 48: wasichana 26, wavulana 22.

Lengo mahsusi: Mwanafunzi aweze kupambanua asidi, besi na kimiminika kisicho asidi wala besi kwa kutumia rosela na karatasi za litmasi.

Zana: Maji ya rosela yaliyochemshwa jana, kuchujwa na kuzimuliwa hadi yawe ya waridi hafifu, maji ya ndimu, ya magadi, ya majivu yaliyochujwa na ya chumvi, litmasi nyekundu na ya bluu, neli jaribio 4 kwa kila kundi.

Utangulizi (3:20–3:25)
Nionyeshe chupa ya rosela na kuuliza: nikitia magadi humu, rangi itakuwaje? Kila mmoja aandike kisio lake kabla sijatia tone. Nisitoe jibu.

Ukuzaji wa somo (3:25–3:45)
Makundi 8 ya watu 6. Dakika 3 za kugawa zana na maelekezo: hakuna kuonja, hata ndimu, na maji ya majivu yasiguse macho.

Dakika 10 za jaribio. Kila neli ipate kimiminika kimoja, kisha matone 5 ya rosela. Magadi na majivu yatageuka kijani au bluu-kijani. Ndimu itakuwa nyekundu iliyokolea. Penye utata ni chumvi: rosela yenyewe ni chachu, hivyo maji ya chumvi hubaki ya waridi, na makundi mengine yatadai kuwa nayo ni asidi. Nisiwasahihishe papo hapo. Waache wabishane, kisha niwape litmasi wajaribu kimiminika ambacho hakijatiwa rosela. Ndimu itageuza ya bluu kuwa nyekundu. Maji ya chumvi hayatageuza yoyote.

Dakika 7 za kujaza jedwali ubaoni, kundi moja kimiminika kimoja. Niulize: kwa nini rosela peke yake haikutosha?

Uimarishaji (3:45–3:55)
Kila kundi lidondoshe ndimu kwenye neli ya magadi, tone kwa tone, hadi rangi irudi kuwa nyekundu. Watauliza kuhusu viputo. Wavirekodi tu, ni kazi ya kipindi kijacho. Kisha kila mtu peke yake: kimiminika X kinageuza litmasi nyekundu kuwa bluu. Ni asidi au besi? Rosela itakuwa na rangi gani ndani yake? Nipite nikisahihisha, nikianza na meza za nyuma.

Hitimisho (3:55–4:00)
Warudi kwenye visio vyao na kuvirekebisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Kazi ya nyumbani: maji ya sabuni, maziwa mgando na chai ya rangi; wabashiri kila kimoja kiko upande gani, na sababu. Wawili kwa kila kundi waoshe neli. Muda ukibana, kazi ya nyumbani iandikwe ubaoni bila maelezo, ila visio visirukwe.