Anjioedema ya utumbo iliyosababishwa na enalaprili kwa mama wa miaka 52 kisiwani Lamu: ikisari ya ripoti ya mgonjwa

Usuli. Enalaprili ni dawa ya presha inayotumika kila mahali. Watoa huduma wengi wanajua kwamba inaweza kuleta kikohozi kikavu, na kwamba mara chache huvimbisha midomo na ulimi. Kuvimba kwa utumbo peke yake, uso ukiwa salama, ni nadra, na ni rahisi kudhaniwa kuwa ugonjwa wa kupasuliwa. Tunaeleza mgonjwa aliyeugua mara 3 ndipo dawa ikashukiwa.

Maelezo ya mgonjwa. Mama wa miaka 52, mkaazi wa kisiwa cha Lamu, alianzishiwa enalaprili miligramu 10 kwa siku kwa presha ya 168/102. Siku ya 19 alishikwa na msokoto mkali wa tumbo, akatapika na kuharisha maji yasiyo na damu, bila homa. Nyumbani ilisemekana ni chango. Akapewa dawa za mitishamba na kombe, na siku ya pili akapoa. Maumivu yalirudi katika wiki ya 6, na tena katika wiki ya 11. Jambo ambalo hakuna aliyemuuliza, nasi tulilipata kwa kumhoji taratibu mbele ya binti yake, ni kwamba kila alipotapika aliacha vidonge kwa siku mbili au tatu, na nafuu ilikuja katika siku hizo hizo.

Mara ya tatu alifikishwa hospitali tumbo likiwa limejaa na kuuma lote likiguswa. Kidole tumbo kilishukiwa, na mipango ikaanza ya kumvusha kwa boti hadi Mokowe apelekwe Malindi kwa upasuaji. Ultrasaundi ilionyesha kuta za utumbo mdogo zilizonenepa na maji huru tumboni. Kidole tumbo hakikuonekana. Seli nyeupe zilipanda kidogo. Vipimo vya malaria, mimba, kinyesi na amilasi havikuonyesha kasoro. Midomo, ulimi na koo havikuvimba. Safari iliahirishwa ili aangaliwe kwa saa 24.

Hatua na matokeo. Enalaprili ilisimamishwa, akawekewa dripu na dawa ya maumivu. Haidrokotisoni na klofeniramini alizopewa usiku wa kwanza hazikuleta tofauti tuliyoiona. Baada ya saa 48 maumivu yalikwisha, na ultrasaundi ya pili haikuonyesha maji. Alihamishiwa amlodipini.

Wiki 5 baadaye amlodipini ilimwishia, akameza vidonge vya enalaprili vilivyobaki kabatini. Saa 30 hazikupita ila tumbo lilisokota vilevile, na maji yakaonekana tena kwenye ultrasaundi. Safari hii hakuwa ametumia mitishamba yoyote. Aliacha vidonge, na katika siku mbili akapona. Kwa miezi 6 iliyofuata hakuugua tena. Presha yake ya mwisho ilikuwa 134/82.

Mjadala. Kimeng'enya kinachozuiwa na dawa hii ndicho pia huvunja bradikinini. Bradikinini ikirundikana, mishipa midogo huvuja na kuta za utumbo huvimba. Histamini si chanzo, na hiyo ndiyo sababu dawa za mzio husaidia kidogo. Kiwango cha C4, kilichopimwa Nairobi, kilikuwa cha kawaida, jambo linalopunguza uwezekano wa anjioedema ya kurithi. Kwenye kipimo cha Naranjo alipata alama 9, yaani uhusiano wa hakika. Alama 2 kati ya hizo zimetokana na kurudia dawa, jambo ambalo sisi tusingethubutu kulifanya kwa makusudi. Picha ya CT haikupigwa, na huo ni upungufu wa ripoti hii.

Kwa maoni yetu, mgonjwa yeyote mwenye maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka aulizwe kama anameza dawa ambayo jina lake huishia na “pril”, hata kama ameitumia kwa miaka. Vidonge vilivyobaki navyo virudishwe hospitali siku dawa inapobadilishwa. Sisi hatukuviomba, na mgonjwa wetu ndiye aliyeumia.

Mtazamo wa mgonjwa. “Nilikuwa nikiona ni chango la uzazi, kwa sababu mamangu alikuwa nalo. Vidonge nilivihisabu kuwa ndivyo vinavyonilinda. Sasa ile karatasi yenye jina la dawa naiweka ndani ya pochi, na binti yangu ana nakala.”

Idhini na taarifa. Mgonjwa alisomewa ripoti kwa Kiswahili na kutia saini kuruhusu ichapishwe. Tukio liliripotiwa kwa Bodi ya Dawa na Sumu.

Maneno makuu: enalaprili, anjioedema ya utumbo, bradikinini, maumivu ya tumbo, madhara ya dawa, Lamu.