Ombi la kuahirisha shauri la usalama barabarani kwa sababu ya ugonjwa

Idrisa Mashaka Kondo,
Area C,
Dodoma.

12 Juni 2025

Hakimu Mfawidhi,
Mahakama ya Wilaya ya Morogoro,
Morogoro.

YAH: OMBI LA KUAHIRISHWA KWA SHAURI LA USALAMA BARABARANI NA. 58 LA MWAKA 2025, LILILOPANGWA KUSIKILIZWA TAREHE 17 JUNI 2025

Mheshimiwa Hakimu,

Mimi ndiye mshtakiwa katika shauri lililotajwa hapo juu, ambalo nashtakiwa kuendesha gari kwa uzembe na kuharibu pikipiki ya mlalamikaji. Nilisomewa shtaka tarehe 20 Mei 2025, nikalikana, na niko nje kwa dhamana.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Juni nilishikwa na maumivu makali ya tumbo nikiwa nyumbani, nikakimbizwa hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Dodoma, ambako madaktari walibaini kuwa kidole tumbo kimevimba na kunifanyia upasuaji asubuhi hiyohiyo. Nimeruhusiwa leo, lakini nina mshono ambao bado ni mbichi, natembea kwa kushikiliwa, na daktari amenikataza safari ndefu, iwe ya basi au ya treni, hadi atakaponiona tena tarehe 26 Juni. Kutoka hapa hadi Morogoro ni takriban kilomita 260 kwa barabara, na kwa hali niliyonayo siwezi kuzimaliza na kisha kusimama kizimbani.

Kwa hiyo naiomba Mahakama yako iahirishe usikilizwaji na kunipangia tarehe nyingine kuanzia 14 Julai 2025, ili nikirudi kwa daktari nibaki na muda wa kupata nguvu. Nimeona ni vema niandike mapema badala ya kungoja siku yenyewe, kwa kuwa upande wa mashtaka umeita mashahidi wawili, na mlalamikaji anaishi kwa pikipiki hiyo. Sipendi afunge kazi yake siku nzima kuja kuambiwa kwamba mshtakiwa hayupo. Naomba Mahakama, ikiona inafaa, iwaarifu kabla ya tarehe hiyo.

Barua hii inaletwa na kaka yangu, Salum Mashaka Kondo, ambaye ni mmoja wa wadhamini wangu. Tarehe 17 Juni atakuwepo mahakamani shauri litakapoitwa, atatoa maelezo yatakayohitajika na kupokea tarehe mpya kwa niaba yangu. Naomba kutokuwepo kwangu siku hiyo kusichukuliwe kuwa ni kukiuka masharti ya dhamana, na hati ya kunikamata isitolewe, kwa maana sina nia ya kulikwepa shauri hili. Nataka lisikilizwe nami nikiwepo, nieleze kilichotokea.

Naambatisha cheti cha daktari, fomu ya kuruhusiwa kutoka hospitali na nakala ya kadi ya kliniki.

Wako mtiifu,

Idrisa Mashaka Kondo
Mshtakiwa

Nakala: Ofisi ya Mashtaka, Mkoa wa Morogoro